Shilingi Milioni 15 kwa Kazi Ipi?

Barua inayomwalika mshauri mwelekezi kwa kawaida huwa fupi. Tuchukue SACCOS ya walimu mjini Morogoro, yenye wanachama 2,400, ambayo bodi yake inaandika hivi: tunaomba utuletee pendekezo la kazi ya kuhuisha kumbukumbu za wanachama wetu, pamoja na gharama zake. Mistari miwili, sahihi ya mwenyekiti na muhuri. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini kila kilichomo hukutana nacho mtu anayefanya kazi za namna hii, na namba zake zinatosha kuonyesha jinsi pendekezo linavyojengwa.

Wanachama wanalalamika kwamba mikopo waliyokwisha kuilipa bado inaonekana wanadaiwa. Kadi za mkono zinasema hivi, faili la Excel la mhasibu linasema vile, na orodha ya makato ya mishahara inayotoka kwa mwajiri ina hadithi yake. Bodi inataka mtu wa nje aje anyooshe. Mwenyekiti akisema kuhuisha, kichwani mwake ana picha ya mwanachama anayefika dirishani, anaambiwa salio lake papo hapo na haondoki ananung'unika. Mshauri anafikiria jedwali moja lililolinganishwa. Kati ya picha hizo mbili kuna miezi mingi ya kazi na mamilioni ya shilingi, na pendekezo ndipo mahali pa kuzikutanisha, kabla mtu hajasaini chochote. Ndiyo maana swali ninalolitanguliza katika kila pendekezo ni hili: kazi hii itahesabiwa imekwisha siku gani, kwa kuonekana kitu gani?

Kwa ajili hiyo mawanda ya kazi ndiyo sehemu inayostahili jasho. Katika mfano wetu ningeandika hivi: mshauri atalinganisha hisa, akiba na mikopo ya wanachama 2,400, kwa miamala ya kuanzia tarehe 1 Januari 2023 hadi 31 Desemba 2025, akitumia vyanzo vitatu, yaani kadi za wanachama, orodha za makato ya kila mwezi na taarifa za benki za chama. Kila neno hapo lina kazi. Tarehe ya kuanzia inamzuia mtu asije kuuliza makato ya mwaka 2014. Idadi ya wanachama inamlinda mshauri endapo wakati wa kazi itagundulika kuwa chama kina kadi nyingine 700 za waliostaafu, zimefungwa kwa kamba stoo.

Kuna jambo moja hapa ambalo wageni wa kazi hii hulisahau, nalo ni salio la kuanzia. Ukisema unaanza tarehe 1 Januari 2023, lazima kuwe na namba ya kila mwanachama kwa siku hiyo, na lazima ijulikane nani anaithibitisha. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka 2022 zinatoa jumla ya mikopo yote ya chama, hazitoi mkopo wa mwalimu mmoja mmoja. Kama orodha ya majina iliyo nyuma ya jumla hiyo haipo, basi hakuna mahali pa kuanzia, na miaka mitatu ya ulinganishaji itajengwa juu ya mchanga. Pendekezo linaweka wazi kwamba bodi itakabidhi orodha ya masalio ya siku hiyo, iliyosainiwa na meneja, kabla kazi haijaanza. Ikikosekana, kuitengeneza ni kazi nyingine yenye bei yake.

Baada ya yaliyomo huja yasiyokuwemo. Washauri wengi huona haya kuyaandika, wakihofu kuonekana wavivu, na mimi naona ndiyo aya yenye manufaa kuliko zote kwa pande zote mbili. Katika kazi hii hayamo haya: kununua au kufunga mfumo wa kompyuta, kudai madeni kwa wanachama, kukagua hesabu za chama, na kuamua nani alikosea. La mwisho lina uzito wake. Bodi nyingi zikiita mshauri wa kumbukumbu zinatarajia moyoni kwamba atatoka na jina la mwizi. Ulinganishaji unaweza kuonyesha kwamba makato ya Machi yalitoka kwenye mshahara na hayakufika kwenye kadi. Kusema yalikwenda wapi, na kwa nia gani, ni kazi ya uchunguzi, yenye utaratibu mwingine wa ushahidi na wa kumsikiliza mtuhumiwa.

Tuitazame kadi moja kwa karibu. Mwalimu alikopa, na makato yake ni shilingi 145,000 kwa mwezi. Orodha ya makato inaonyesha alikatwa Machi na Aprili. Kadi inaonyesha Machi tu, kisha inarukia Mei, kwa wino wa rangi tofauti. Taarifa ya benki inaonyesha fedha za mwajiri za Aprili ziliingia kwa jumla kamili. Kwa hiyo fedha ilifika, ila haikuandikwa hapa. Msaidizi anatafuta jina linalofanana na la mwalimu huyo na kumkuta mwanachama mwingine mwenye majina mawili yale yale, ambaye kadi yake ya Aprili ina maingizo mawili. Kadi hiyo moja imekula dakika 45. Tofauti imepata maelezo. Kadi inayofuata inaweza kuwa na pengo kama hilo hilo na pacha wake asipatikane kabisa, na hapo mshauri mkweli anaandika kwamba chanzo hakijulikani, kisha anasonga mbele.

Kwa sababu hiyo pendekezo halipaswi kuahidi kwamba tofauti zote zitamalizika. Linaahidi kwamba kila tofauti itaorodheshwa na kuwekwa katika kundi lake: kosa la kuandika, fedha iliyoingia kwa mwanachama mwingine, makato ambayo hayakuletwa na mwajiri, au chanzo kisichojulikana. Hilo liko ndani ya uwezo wa mshauri. Kumalizika kwa tofauti kunategemea karatasi ambazo yeye hakuzitunza.

Hapo ndipo vitu vya kukabidhi vinapopata sura. Badala ya ripoti moja nene mwishoni, ningegawa wanachama katika mafungu manne ya watu 600. Kila fungu linakabidhiwa kama jedwali la Excel lenye namba ya uanachama, hisa, akiba, salio la mkopo kwa kadi, salio lililolinganishwa, tofauti, na kundi la tofauti hiyo. Mwisho kabisa inakuja ripoti fupi kwa bodi na mafunzo ya siku mbili kwa mhasibu na makarani.

Kisha linakuja sharti la kupokea, ambalo mapendekezo mengi hayana. Nani atasema fungu limekubalika, na kwa kipimo gani? Naandika kwamba meneja na mhasibu watachomoa kadi 30 zozote katika zile 600 na kuzirudia wenyewe. Wakikuta zaidi ya kadi moja yenye kosa la mshauri, fungu zima linarudi kwake na atalirekebisha bila malipo ya ziada. Wasipojibu kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi, fungu litahesabiwa limepokelewa. Kipengele hicho cha ukimya kinaweza kumkera mwenyekiti mara ya kwanza anapokisoma. Bila yeye kukikubali, jedwali linaweza kukaa mezani kwa meneja mwezi mzima, wasaidizi wanadai ujira, na hakuna anayeweza kusema kazi imekubalika au imekataliwa.

Ada nayo haianzi kwenye kichwa cha mshauri wala kwenye kile anachodhani mteja anacho. Inaanza kwenye kadi. Kabla ya kuandika bei, niombe ruhusa ya kukaa na msaidizi ofisini kwa chama nusu siku na kadi 30 zilizochomolewa bila kuchagua, tukiwa na saa mezani. Tuseme jaribio linaonyesha kwamba mwanachama asiye na mkopo anachukua wastani wa dakika 10, na mwenye mkopo dakika 30, ukichanganya kadi nyepesi na zile za kumtafuta pacha. Chama kina wanachama 1,500 wasio na mkopo na 900 wenye mikopo. Kundi la kwanza linahitaji saa 250, la pili saa 450, jumla saa 700. Mtu mmoja akifanya saa saba za kazi halisi kwa siku, hizo ni siku 100 za mtu mmoja, au siku 50 za wasaidizi wawili, ambazo ni wiki 10.

Sasa bei inajijenga yenyewe. Wasaidizi kwa shilingi 60,000 kwa siku, siku 100, ni shilingi 6,000,000. Mshauri mwenyewe hahitajiki kila siku: siku nne za maandalizi, siku moja kila wiki kwa wiki 10 za kukagua kazi ya wasaidizi, siku nne za ripoti na mbili za mafunzo. Jumla siku 20 kwa shilingi 350,000, yaani 7,000,000. Nauli na malazi yake kutoka Dar es Salaam 1,400,000, karatasi na nakala 600,000. Jumla ni shilingi 15,000,000. Viwango hivyo vya siku ni vya mfano, kila mtu ana vyake. Hesabu yenyewe ndiyo ninayomshauri kila mtu aionyeshe mteja wazi, kwa sababu mwenyekiti akiuliza kwa nini milioni 15, jibu linapatikana kwenye kadi zake mwenyewe.

Juu ya ada kuna kodi, na hapa ndipo urafiki mwingi huharibikia. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania, ya mwaka 2014, inawataka watoa huduma za kitaalamu wasajiliwe bila kujali ukubwa wa mauzo yao. Kwa hiyo pendekezo linalosema milioni 15 tu, bila kutaja VAT, linaacha shimo la asilimia 18, yaani shilingi 2,700,000. Bodi itadhani imo ndani, mshauri atadhani iko juu. SACCOS inaliona shimo hilo kwa ukubwa wake wote, kwa kuwa riba ya mikopo yake haitozwi VAT, na hivyo kodi inayomlipa mshauri haiwezi kuirudisha. Kwake gharama halisi ni shilingi 17,700,000, na hiyo ndiyo namba inayopaswa kuonekana katika ukurasa wa bei.

Upande wa pili kuna kodi ya zuio. Chama kinapomlipa mshauri mkazi wa Tanzania kinatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo ya huduma, bila kuhesabu VAT, na kuipeleka TRA. Kama ankara imeandikwa kwa jumla moja ya milioni 15, zuio ni shilingi 750,000. Fedha hiyo haijapotea. Mshauri anapewa hati ya kodi ya zuio na anaihesabu kama kodi aliyokwisha kulipa anapofunga hesabu za mwaka. Lakini haitakuwa mfukoni mwake wakati wasaidizi wanadai ujira, na hati yenyewe isipodaiwa mapema ni taabu kuipata baadaye. Mstari mmoja katika masharti unatosha: mteja atatoa hati ya zuio pamoja na kila malipo.

Ratiba na awamu za malipo naziandika pamoja, maana moja ikitikisika nyingine inaanguka. Kazi hii ina wiki 12: moja ya maandalizi, 10 za ulinganishaji, moja ya ripoti na mafunzo. Tuseme mteja anapendekeza asilimia 20 mwanzoni, na nyingine fungu kwa fungu. Inasikika vizuri. Tuifuate fedha yenyewe. Fungu la kwanza linakabidhiwa katikati ya wiki ya nne. Siku tano za kupokea, siku kumi za kazi za kulipa, fedha inaingia katikati ya wiki ya saba. Mpaka hapo wasaidizi wamelipwa wiki tano, shilingi 3,000,000. Karatasi zimenunuliwa kwa 600,000, na nusu ya nauli na malazi imetumika, 700,000. Zimetoka shilingi 4,300,000, na mshauri bado hajajilipa hata siku moja. Asilimia 20 ya milioni 15 ni milioni tatu, ukitoa zuio inabaki 2,850,000. Karibu milioni moja na nusu inakosekana, na mshauri ataanza kukopa ili afanye kazi ya kurekebisha mikopo ya watu wengine.

Asilimia 30 inatoa shilingi 4,500,000, baada ya zuio 4,275,000, ambayo inakaribia kabisa gharama ile. Kwa hiyo ningeomba asilimia 30 siku ya kusaini, asilimia 12.5 kwa kila fungu linapopokelewa, na asilimia 20 ripoti ikikubaliwa na mafunzo yakiisha. Bodi inaweza kukataa kutanguliza kiasi hicho, na ina haki, kwa kuwa ni fedha za wanachama. Njia ya kati ipo: chama kiwalipe wasaidizi moja kwa moja kila wiki kwa orodha ya mahudhurio aliyosaini mshauri, na ada ya mshauri ipungue kwa kiasi hicho. Mshauri naye awe mwangalifu asikimbilie kutoa ankara ya kodi kabla ya wakati wake, kwa kuwa VAT ya ankara hiyo inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja bado hajalipa.

Ratiba hiyo ina wajibu wa mteja ndani yake, na wajibu huo uandikwe kwa majina ya vyeo. Mhasibu atatoa orodha za makato za miezi 36 ndani ya siku tano tangu kusaini. Meneja atatoa chumba chenye kufuli na karani mmoja wa kuleta na kurudisha kadi. Orodha zikichelewa, ratiba inasogea siku kwa siku, na kama wasaidizi wamekwisha kuanza, chama kinalipa ujira wao wa kusubiri, shilingi 120,000 kwa siku. Kuchelewa kwa makaratasi ndiko ugonjwa mkubwa wa kazi hizi. Dalili yake huonekana wiki ya kwanza kabisa: ukiomba orodha za miezi 36 ukapewa za miezi 22 na ahadi, usianze kuajiri wasaidizi.

Masharti mengine yanaweza kukaa katika ukurasa mmoja. Lenye uzito mpya ni la taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mkopo wa mwalimu pamoja na mshahara wake ni taarifa binafsi. Chama kinabaki na dhamana ya taarifa hizo, mshauri anazichakata kwa maelekezo yake tu. Kwa vitendo maana yake ni kwamba kadi hazitoki ofisini, hakuna kupiga picha kwa simu, wasaidizi wanasaini ahadi ya kutunza siri, na ndani ya siku 30 baada ya kumaliza mshauri anafuta nakala zake na kuandika barua ya kuthibitisha. Yanayobaki ni mepesi: kazi ya ziada inafanywa kwa kibali cha maandishi na kwa viwango vile vile vya siku, kila upande unaweza kusitisha kwa notisi ya siku 14 na mafungu yaliyopokelewa yanalipwa, mgogoro unaanzia kwa mwenyekiti na mshauri, kisha kwa msuluhishi, ndipo mahakamani. Bei inabaki halali kwa siku 30.

Pendekezo likishafika kwenye kikao cha bodi, ombi linalotarajiwa ni punguzo. Mwenyekiti anapiga simu: "Ndugu yetu, kazi tumeipenda, lakini wajumbe wanasema tuna milioni 12 tu." Anayekubali kwa kupunguza bei ya siku amekiri kwamba bei ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na atafanya kazi ile ile akiwa na hasira. Jibu liko kwenye hesabu ya kadi. Wanachama 1,500 wasio na mkopo wanachukua saa 250, yaani siku 36 za msaidizi, shilingi 2,160,000. Wakiondolewa, ulinganishaji unapungua kwa zaidi ya wiki tatu, na siku tatu za ukaguzi wa mshauri zinaondoka pamoja na nauli na malazi yake, kama shilingi 1,260,000. Bei inashuka hadi shilingi 11,580,000 kabla ya VAT. Malalamiko yaliyoileta barua yalihusu mikopo, na mikopo yote 900 bado imo. Akiba za wale 1,500 zitabaki bila kulinganishwa, na hilo linaandikwa katika orodha ya yasiyokuwemo, ili bodi ijue kwa uwazi inachokiacha. Lakini 11,580,000 ikiongezwa VAT ni shilingi 13,664,400, kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, mshauri anamuuliza mwenyekiti kama ile milioni 12 ya wajumbe ni pamoja na kodi.